TB 1.4 za picha za droni, Mpanda hadi Dar, mtandao megabiti 4: nipandishe, nibane au nitume diski?

MpimajiKatavi
Habari wakuu. Niko Mpanda kwenye mradi wa kupima matumizi ya ardhi kandokando ya mito. Tumemaliza kurusha droni na sasa tuna mzigo wa TB 1.4 unaotakiwa Dar, kisha kutoka Dar uende kwa wenzetu Uholanzi. Mchanganuo wake: picha za JPEG kama 100,000, jumla GB 900, ramani za TIFF zilizounganishwa tayari GB 300, na nukta za LAS GB 200.

Mtandao wa ofisi kwa kupandisha unanipa megabiti 4 kwa sekunde ukiwa mzuri. Nimejaribu kupandisha zip ya GB 60 kwa kivinjari kwenye hifadhi ya mtandaoni. Inakwenda, inakata, na ukirudi inaanza sifuri. Bosi anasema tukomae na mtandao, dereva wetu anasema tuweke diski kwenye basi. Nani yuko sahihi? Na kwa nini inakata?

BandoLaUsiku
Karibu jukwaani. Hesabu ni nyepesi, mbona mnaogopa? TB 1.4 ni MB milioni 1.4. Gawanya kwa 4 unapata sekunde 350,000, yaani siku nne. Acha kompyuta wazi wikendi moja ndefu, kazi imeisha. Dereva anatafuta posho tu.

FundiNyaya
@BandoLaUsiku umegawanya biti na baiti kwenye sufuria moja. Kampuni za mtandao zinauza megabiti, faili zinapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 4 ni kama MB 0.5 kwa sekunde. Siku zako nne zinakuwa siku 32, na hapo ni kama mtandao haujapumzika hata dakika moja.

Dada MpimajiKatavi, tuanze na hiyo namba kabla ya programu yoyote. Siku 32 ni za karatasini. Ukitoa umeme kukatika, jioni mtandao kujaa, na watu wa ofisi kutaka kusoma barua pepe, usishangae zikawa siku 45. Sasa weka diski kwenye basi: tuseme siku moja kunakili, siku mbili njiani, siku moja kuhakiki Dar. Siku nne kwa TB 1.4 ni sawa na mtandao wa megabiti 32 unaofanya kazi bila kusimama. Dereva wenu amekuzidi mara nane.

Ila usikimbilie basi bado. Nina swali: ni nini hasa kinachotakiwa Dar, na ni kipi kati ya hivyo kinaweza kutengenezwa upya hukohuko?

LwanzoBukavu
Mimi huwa natuma picha zangu zote kwa WhatsApp kama dokimenti, si kama picha. Zinafika safi. Kwa nini mnateseka?

RubaniUnguja
@LwanzoBukavu kaka, anazungumzia picha laki moja, si za harusi. Lakini umegusa jambo ambalo limewahi kutuumiza. Kijana wetu mmoja alituma sampuli kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Zilifika ndogo, na taarifa za mahali, zile latitudo na urefu kutoka usawa wa bahari ambazo droni huandika ndani ya faili, zote zimefutwa. Programu ya kuunganisha ramani ikakataa kazi. Ukituma kama dokimenti taarifa zinabaki, ni kweli, lakini faili moja isizidi GB 2 na hakuna njia ya kuhakiki laki moja ya namna hiyo.

LwanzoBukavu
Sawa, nimeelewa. Nilidhani ni picha chache. Endeleeni, nasoma.

Mbanaji
Suluhisho mnaliruka. Bana kwanza! Piga zip yenye nguvu, au zstd kiwango cha 19, TB 1.4 itakuwa GB 500. Halafu faili laki moja mojamoja ni kifo, kila faili inaongea na seva kabla ya kuanza. Lazima zote ziwe faili moja kubwa.

FundiNyaya
@Mbanaji nusu yako nakubali, nusu naikataa.

JPEG tayari imebanwa ndani yake. Ukiipitisha kwenye zip au zstd utapunguza asilimia moja au mbili, na prosesa itakuwa imechoma umeme bure. Dada, chukua folda moja ya picha 200, ipige zstd, angalia ukubwa kabla na baada. Dakika tano tu, ubishi umekwisha.

LAS ni habari nyingine kabisa. Ile ni faili isiyobanwa na ina chombo chake:

```
laszip -i mto.las -o mto.laz
```

Hakuna nukta inayopotea, na mara nyingi LAZ inabaki kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tano ya LAS. GB 200 zako zinaweza kuwa GB 30 hivi. Hapo ndipo kubana kunalipa.

Kuhusu faili moja kubwa: hoja ya faili ndogo ni ya kweli zikiwa za KB chache. Picha zake zina wastani wa MB 9. Kwa kasi yake, picha moja inachukua sekunde 18 kupanda. Kusalimiana na seva kunachukua chini ya sekunde moja. Hasara ni ndogo. Lakini faili moja ya GB 60 kwenye mtandao unaokata ni kujitega: inahitaji saa 33 mfululizo, na chochote kikitokea saa ya 32 anarudi mwanzo. Zile picha laki moja zikiachwa mojamoja, mtandao ukikata anapoteza picha moja.

Mbanaji
Kuna programu zinaendelea pale zilipokatikia, kwa hiyo ukubwa wa faili si hoja. Natumia rclone, ukiirudisha inaendelea.

FundiNyaya
Rclone inaruka faili zilizokwisha kufika, na hilo ndilo watu wanaliona wakasema inaendelea. Faili iliyokuwa katikati kwenye hifadhi za aina ya S3, ukizima programu ukaiwasha tena, inaanza upya. Jaribu mwenyewe: chukua faili la GB 5, likifika nusu zima programu, kisha iwashe uone. Ndiyo maana nasema usimpe dada faili la GB 60.

SevaNaMimi
Naongezea kwa @Mbanaji. Huduma zenyewe zinaruhusu kuendelea, tatizo ni kama programu yako inakumbuka. Kwa S3 faili linakatwa vipande, kila kimoja kuanzia MB 5, visizidi vipande 10,000. Kila kipande kikifika kinabaki kule. Programu ikisahau namba ya kikao, vile vipande vinabaki yatima, huvioni kwenye orodha ya faili, na unaendelea kulipia nafasi yake hadi uvifute au uweke kanuni ya kuvifuta. Kwa upande wa hifadhi ya Google, anwani ya kikao inakufa baada ya wiki moja. Mtu mwenye megabiti 4 anaweza kabisa kupitisha wiki kwenye faili moja la GB 300.

Mbanaji
Hiyo ya rclone sikuijua, nimejifunza. Lakini kwa zstd kwenye TIFF bado nasimama.

RubaniUnguja
TIFF inategemea. Kama ramani zilihifadhiwa bila kubanwa, ukizipitisha GDAL kwa DEFLATE zitapungua, hasa zile pembe tupu nyeusi zinazoizunguka ramani. Sehemu yenye picha yenyewe haipungui sana. Lakini mimi naunga mkono swali la FundiNyaya: kwa nini kutuma TIFF? Zilitokana na JPEG. Dar wakiwa na JPEG na alama za ardhini watazitengeneza upya.

MpimajiKatavi
Ahsanteni sana, nasoma kila kitu. @RubaniUnguja TIFF zinaweza kutengenezwa upya Dar, wana kompyuta nzuri kuliko yangu. LAS haziwezi. Kuna mtu amekaa wiki kadhaa akitenganisha miti na ardhi kwa mkono, kazi ile hairudiwi. Nimejaribu zstd kwenye folda moja ya JPEG: imepungua kwa kiasi ambacho hata hakionekani. LAS moja ya GB 4 imekuwa MB 610 kwa laszip.

Kwa hiyo sasa nina GB 900 za JPEG na kama GB 30 za LAZ. Bado ni zaidi ya siku 21 kwa mtandao.

Pikseli
Kuna njia ya JPEG ambayo hamjaitaja. JPEG XL inaweza kuifunga JPEG ya zamani upya bila kupoteza chochote, na ukiifungua unapata faili lilelile baiti kwa baiti. Upungufu ni kama asilimia 20.

```
cjxl DJI_0001.JPG DJI_0001.jxl
djxl DJI_0001.jxl rudi.JPG
sha256sum DJI_0001.JPG rudi.JPG
```

Namba mbili za mwisho zikifanana, umesalimika. GB 900 zinakuwa 720. Kwa megabiti 4 hizo ni siku nne zimeokolewa.

RubaniUnguja
Naomba tahadhari hapo. Baadhi ya droni zinabandika picha ndogo na takataka nyingine mwishoni mwa faili. Kuna faili cjxl inazikataa. Usifute JPEG moja kabla ya kulinganisha sha256 ya kila moja. Si ya sampuli, ya kila moja.

FundiNyaya
@Pikseli ni nzuri na sikuifikiria. Swali langu ni muda. Picha laki moja, tuseme sekunde moja kila picha kwa prosesa moja, ni saa 28. Kisha kufungua zote ili kuhakiki. Kompyuta yake ikiwa ya kawaida na umeme ukiwa wa kubahatisha, sina hakika siku nne zilizookolewa hazijaliwa na maandalizi.

Pikseli
Kubana na kupandisha vinaweza kwenda pamoja. Mtandao unasubiri prosesa? Hapana, ni kinyume chake. Picha moja inapopanda kwa sekunde 18, prosesa imeshamaliza nyingi zinazofuata. Muda wa kubana haujumlishwi kwenye muda wa kutuma.

FundiNyaya
Kwa mtandao, ndiyo, uko sahihi. Kwa diski haisaidii kitu, maana diski haijali GB 720 wala 900. Basi linaondoka saa ileile.

MzeeWaKanda
Vijana, hamjambo. Nilifanya kazi ya kumbukumbu za sauti miaka mingi. Kanda tulizituma kwa treni na kwa basi, na kitu kimoja sikusikia mtu akikitaja hapa: kifurushi kikipotea, je, kuna nakala nyingine Mpanda? Kasi ya basi mnaijua. Hatari yake je?

MpimajiKatavi
Shikamoo mzee. Tuna nakala moja kwenye kompyuta na kadi za droni ambazo hatujazifuta.

MzeeWaKanda
Marahaba mwanangu. Kadi hizo zisifutwe mpaka Dar waseme kwa maandishi kwamba wamefungua na kuhakiki. "Tumepokea" haitoshi. Kupokea ni kifurushi.

DukaLaDiski
Mimi nauza vifaa Kariakoo, naomba nimsaidie dada kabla hajanunua. Kuna diski za nje zimeandikwa TB 2 au TB 16, bei rahisi ajabu, ndani ni kadi ndogo ya GB 64 iliyodanganywa. Kompyuta itaionyesha TB 2, utanakili, haitalalamika. Ikijaa inaandika juu ya zilizotangulia au inatupa. Majina ya faili yote utayaona, ukifungua picha ni kijivu. Ipime ikiwa tupu:

```
f3write /media/diski
f3read /media/diski
```

Ya kwanza inaijaza yote, ya pili inasoma kama kilichoandikwa kipo. Wa Windows watumie H2testw. Kwa diski ya TB 2 inakula sehemu kubwa ya siku, ila hiyo siku ni ya lazima.

BandoLaUsiku
Hapa ndipo ninaporudi mimi. Ukijumlisha siku ya kupima diski, siku ya kunakili, basi, kuhakiki, mmefika wiki. Na diski ya pili ya akiba. Gharama imepanda. Mtandao angalau umeshalipiwa.

FundiNyaya
Wiki dhidi ya siku 21 hadi 30. Lakini hoja yako ya gharama ni halali, na kama mzigo ungekuwa GB 100 ningekuwa upande wako. GB 100 kwa megabiti 4 ni siku mbili na kidogo, hakuna sababu ya kusumbua basi.

IsioloNet
Wasee, niko Isiolo. Hii story ya diski si ya watu maskini wa mtandao peke yake. Ile picha ya kwanza ya shimo jeusi iliyotolewa Aprili 2019, data yake ilikusanywa 2017 na darubini za sehemu mbalimbali duniani, kama petabaiti 5. Haikupita kwa intaneti. Diski zilipakiwa kwa ndege hadi Haystack kule Massachusetts na Bonn, Ujerumani. Zile za Ncha ya Kusini zilikwama miezi kadhaa kwa sababu wakati wa kipupwe ndege haziendi huko. Walilazimika kungoja.

Na kuna ile ya njiwa aliyeshinda intaneti hapa Nairobi, sijui mnaikumbuka.

SevaNaMimi
Si Nairobi ndugu yangu, ni Afrika Kusini, 2009. Njiwa anaitwa Winston alibeba kadi ya GB 4 kutoka Howick hadi Hillcrest karibu na Durban. Aliruka kwa saa moja na dakika nane. Pamoja na kunakili ikawa kama saa mbili, na muda huo intaneti ilikuwa imefikisha asilimia 4.

IsioloNet
Nimekubali, ni Durban. Lakini hoja imesimama.

SevaNaMimi
Imesimama, ila ona hapo: kuruka ni saa moja, jumla ni saa mbili. Nusu ya muda ilikula kunakili. Ndivyo ilivyo kwa diski zote. Diski nzuri ya kuzunguka kwa USB 3 inaandika kama MB 100 kwa sekunde, TB 1.4 ni saa nne. Lakini diski nyingi ndogo za bei nafuu zinaanza na kasi hiyo, baada ya GB kadhaa zinashuka vibaya kwa sababu ya jinsi zinavyopanga njia zao za kuandika. Na ukichomeka kwenye tundu la USB 2, kasi inakuwa MB 30 hivi, saa nne zinakuwa 13. Angalia tundu kabla ya kulaumu diski.

MpimajiKatavi
Nashukuru wote. Lakini bado hamjanijibu swali langu la pili. Kwa nini inakata? Hata nikituma diski leo, kila mwezi tutakuwa na picha mpya.

BandoLaUsiku
Hiyo ni kampuni ya mtandao inakubana. Ukipita kiwango cha matumizi wanakupunguzia kimyakimya. Uliza mtu yeyote.

IsioloNet
Kwangu ilikuwa mnara. Umeme ukienda, betri za mnara zikiisha, kila kitu kinalala hadi jenereta iwashwe.

Mbanaji
Mimi nasema ni anwani ya IP kubadilika. Kwenye mitandao ya simu mnashiriki anwani moja watu wengi, ikibadilika kikao kinakufa.

FundiNyaya
Zote zinawezekana, na hakuna anayejua bila kumbukumbu. Dada, kila inapokata andika vitu vitatu: saa ya ukutani, muda tangu uanze kupandisha, na kiasi kilichokwisha kupanda. Kisha tazama ni kipi kinajirudia.

Ikiwa inakata saa ileile ya siku, bila kujali ulianza lini, fikiria mnara au msongamano. Ikiwa inakata baada ya muda uleule tangu uanze, kwa mfano saa moja kamili, fikiria kibali cha kuingia kwenye hifadhi kimeisha muda na kivinjari kimeshindwa kukihuisha. Ikiwa ni baada ya kiasi kilekile cha data, BandoLaUsiku atakuwa na haki. Na kizuizi cha matumizi mara nyingi hupunguza kasi, hakikati. Hilo nalo ni dalili.

Pia acha `ping` ikienda dirisha la pembeni wakati unapandisha. Ikiwa ping yenyewe inapanda kutoka milisekunde 60 hadi sekunde mbili tatu, ruta yako imejaza foleni ya kutoka na kila kitu kingine kinakosa hewa. Hapo unajiua mwenyewe, si kampuni. Dawa ni kujiwekea kikomo cha kasi chini kidogo ya uwezo wa mtandao.

MpimajiKatavi
Nimerudi wakuu. Nimefuatilia. Matokeo hayanipi jibu moja. Mara nyingi inakata kati ya saa moja na saa tatu usiku. Lakini zile za mchana zinakata karibu saa moja tangu nianze, mara zote. Kiasi cha data hakifanani. Ping wakati wa kupandisha inapanda hadi sekunde mbili.

Mbanaji
Saa moja kamili mchana! Kibali kimekwisha muda, nimesema kikao.

IsioloNet
Na usiku ni mnara, hiyo yangu.

FundiNyaya
@Mbanaji ulisema IP, si kibali, lakini sawa. Usiku inaweza kuwa mnara, inaweza kuwa watu wote wamerudi nyumbani wanaangalia video. Njia ya kutofautisha: usiku huohuo, simu yenye laini ya kampuni nyingine iliyoko mnara uleule inakuwaje? Zote zikilala, umeme. Yako peke yake ikilala, msongamano wa kampuni yako. Na kama minara yenyewe ni tofauti, jaribio halisemi kitu.

Kwa mizigo ya kila mwezi, acha kivinjari. Kama Dar wana seva unayoweza kuingia kwa ssh, hii inatosha:

```
until rsync -a --partial-dir=.vipande \
  --timeout=120 --bwlimit=400 \
  picha/ dar:/data/mpanda/picha/
do sleep 60; done
```

Ile `--bwlimit=400` ni KB kwa sekunde, kama asilimia 80 ya megabiti zako 4, ili ofisi ipumue. `--timeout=120` inailazimisha ikate tamaa mtandao ukilala, maana bila hiyo inaweza kukaa imeganda usiku kucha ikidhani iko kazini. `--partial-dir` inahifadhi faili lililokatika ili likirudiwa kilichokwisha kufika kisitumwe tena. Bila chaguo la aina hiyo rsync inafuta nusu iliyopokelewa. Usiweke `-z`, picha zako hazibaniki.

Hata sababu ya kukata usipoijua, hii inavumilia zote tatu.

WakiliMtandao
Naingia pembeni. Picha hizo zinaonyesha nyumba na mashamba ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na diski isiyofungwa kwenye ofisi ya vifurushi inasomwa na yeyote. Na kuzipeleka Uholanzi ni kuzisafirisha nje ya nchi, kuna masharti yake. Ifungeni kwa nywila, na nywila isiandikwe kwenye bahasha ileile.

DukaLaDiski
Nimeona diski iliyofungwa nzima kwa VeraCrypt ikichomekwa kwenye Windows ya mpokeaji. Windows inasema diski haijaumbizwa, uiumbize? Mpokeaji akabonyeza ndiyo. Kwa hiyo nashauri msifunge diski nzima. Tengenezeni chombo kimoja cha VeraCrypt kama faili ndani ya diski ya kawaida yenye exFAT. FAT32 haifai, faili haliwezi kuvuka GB 4.

Pikseli
Chombo kimoja cha TB 1? Kona moja ikiharibika njiani?

DukaLaDiski
Ndiyo maana diski mbili. Moja iende basi la Jumatatu, nyingine ibaki hadi wakiri.

Pikseli
Mimi ningetengeneza vyombo vya GB 100 kila kimoja. Kikiharibika kimoja, hicho unakituma kwa rsync.

MzeeWaKanda
Hilo nimelipenda. Diski ibebe mzigo, mtandao uzibe mapengo.

FundiNyaya
Na orodha ya uhakiki ipite mtandaoni, isisafiri na diski peke yake:

```
find picha -type f -print0 | xargs -0 sha256sum > orodha.sha256
sha256sum -c --quiet orodha.sha256
```

Mstari wa kwanza Mpanda, wa pili Dar. Mistari laki moja ni kama MB 10, inapita kwenye barua pepe. Dar wakiendesha, watapata majina ya picha mbovu tu. Hizo zitume kwa rsync usiku huohuo.

Kisha Dar hadi Uholanzi msitume diski. Kama Dar wana megabiti 100 za kweli za kupandisha, GB 930 ni chini ya siku moja. Tatizo lenu ni kipande cha Mpanda hadi Dar, si safari nzima.

SevaNaMimi
Siku moja kama nyaya za baharini ziko salama. Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na hapa Dar tulikaa tukihesabu asilimia. Wasipange siku ya mwisho ya mkataba kuwa ndiyo siku ya kupandisha.

MpimajiKatavi
Wakuu nimemwonyesha bosi hesabu ya siku 32. Amekubali diski kwa mzigo wa sasa. TIFF hatutumi. LAZ ninazipandisha kwa rsync leo usiku, GB 30 hazina haja ya kusubiri basi. JPEG XL sijaamua, maana kwa diski haisaidii, ila kwa za kila mwezi inaweza.

Pikseli
Kwa za kila mwezi jaribu. Mnazalisha kiasi gani?

MpimajiKatavi
Tukirusha, kama GB 20 kwa siku. Lakini haturushi kila siku.

FundiNyaya
GB 20 kwa megabiti 4 ni saa 11. Ukianza saa kumi na mbili jioni inaisha alfajiri, kama mnara haulali. Ukiweka kile kikomo cha KB 400 ni kama saa 14, kwa hiyo usiku kiondoe.

IsioloNet
Mnara utalala. Anza saa nne usiku.

BandoLaUsiku
Anza hata saa sita, bando la usiku ndilo rahisi. Na bado nasema kampuni inambana.

KigomaData
Nimesoma uzi wote, ahsanteni. Mimi niko kijijini nje ya Kigoma, nina kamera za wanyama zinazotoa GB 40 kwa siku, mtandao megabiti 2, umeme wa jua. Kwa hesabu ya FundiNyaya ninahitaji saa 44 kupandisha data ya saa 24. Nachuja picha tupu kwanza au napeleka diski mjini kila wiki? Na mchujo ufanyike kwa prosesa ipi isiyomaliza betri?